Sindano ya Tatu

Watu wa mtaa wa Birere walisema Bahizire Munguakonkwa ana mkono mwepesi. Watoto aliowadunga chanjo walianza kulia sindano ikiwa imeshatoka. Alikuwa muuguzi, mwenye miaka arobaini na minane, mzaliwa wa Kabare upande wa Bukavu, na kwa miaka kumi na mitano alikuwa amefanya kazi katika dispanseri moja ndogo iliyobanwa kati ya duka la vitenge na ghala la saruji. Kila mtu alimwita Muganga. Hakuwa daktari, na mwanzoni alikuwa akiwasahihisha watu. Baadaye aliacha.

Sifa yake kubwa ilitokana na kidole gumba cha mama mmoja fundi wa kushona, Nyiransengimana. Mama huyo alikuwa ameumwa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, miezi minne mizima. Kukamua nguo hakuweza, kushika makasi hakuweza, hata kumwinua mjukuu wake ilikuwa taabu. Alikuwa amevaa kibao cha kuzuia mkono na kumeza vidonge bila nafuu. Wakati huo Bahizire alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya siku nne yaliyofundishwa na Dokta Élodie, daktari wa mifupa katika hospitali moja ya mjini. Humo walifundishwa sindano ya kotizoni: ile dawa nyeupe, nzito kidogo kama maji ya mchele, ambayo chupa yake hutikiswa kabla ya kuvutwa, na ambayo hutuliza uvimbe pale pale inapowekwa.

Alimdunga Mama Nyiransengimana mara moja tu, taratibu, ndani ya ala ambamo kano za kidole hupita. Alimwambia mambo yote kama alivyofundishwa.

"Mama, leo utasikia mukono umelala, juu nimechanganya na dawa ya ganzi. Usidanganyike. Kesho na kesho kutwa inaweza kuuma zaidi ya sasa. Weka maji ya baridi, meza parasetamoli. Nguvu ya dawa yenyewe inakuja siku ya tatu, ya ine, hata nyuma ya juma. Na ule mukono uupumzishe."

"Na kama inavimba?"

"Ikivimba, ikiwa nyekundu na moto, ama ukipata homa, usingoje siku ya randevu. Ukuje siku ile ile."

Mambo yalikwenda hivyo hivyo. Siku mbili mama alilalamika, siku ya tano akakamua kitambaa, juma la pili akarudi kwenye mashine yake. Maumivu hayakurudi. Kilichobaki ni doa dogo, pale sindano ilipoingia, ambapo ngozi ilififia ikawa nyeupe kama imemwagiwa chokaa. Mama Nyiransengimana aliwaonyesha wateja doa hilo akicheka. "Ni sahihi ya Muganga," alisema.

Tangu hapo wakaja wengi: wachuuzi wenye mabega yasiyoinuka, wazee wa magoti, vijana wa pikipiki wenye viwiko vinavyowaka. Wengi walipata nafuu, wengine ya miezi, wengine ya majuma machache. Bahizire alianza kuamini kwamba nafuu ile ilitoka mkononi mwake.

*

Habarurema alikuja mwaka ule wakimbizi walipojaa kambi ya Kanyaruchinya. Yeye mwenyewe alikuwa ameikimbia Rutshuru na mkewe Umugwaneza na watoto wanne, na kitu pekee cha thamani alichofika nacho ni chukudu yake, lile gari la mbao la magurudumu mawili ambalo mtu hulisukuma kwa mguu mmoja huku goti la pili limelazwa juu ya ubao. Alipakia magunia ya maharagi Birere na kuyapandisha hadi kambini. Kwenye mteremko alikuwa akisukuma kwa mguu wa kulia. Kwenye mlima alikuwa akiinama na kusukuma kwa mwili wote, uzito ukiishia kwenye vidole vya miguu.

Kisigino cha kulia kikaanza kumuuma. Si kisigino chenyewe hasa, ila juu yake kidogo, kwenye ile kano nene kama kamba inayoshuka kutoka kwenye shavu la mguu. Asubuhi alitembea kama mtu aliyekanyaga miba. Bahizire aliibana kano kwa vidole viwili, akakuta sehemu imevimba na kuwa ngumu, kama fundo la kamba.

"Hii inataka kupumzika, Papa Habarurema. Juma sita, hata zaidi. Na kuna mazoezi."

Habarurema alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka, mrefu, mwenye mabega mapana na sauti ya chini. "Muganga, nikipumzika juma sita, batoto batapumzika kula? Ile sindano ya Mama Nyiransengimana, juu ya nini mimi siwezi kuipata?"

Hapa ndipo pa kusimama kidogo, kwa sababu Bahizire mwenyewe, kila alipokumbuka baadaye, alisimama hapa. Alikuwa na jibu. Siku ya tatu ya mafunzo, Dokta Élodie alikuwa amechora mguu ubaoni, akaizungushia duara kano ya kisigino, kisha akaikata kwa msalaba mwekundu. Alisema: ndani ya kiungo, ndiyo, kwenye ala ya kidole, ndiyo, kwa uangalifu, kwenye kano hii, hapana. Kotizoni inatuliza maumivu lakini inadhoofisha nyuzi za kano, na hii ndiyo inayobeba mwili mzima mtu anapotembea. Mtu asiyesikia maumivu atairudisha kazini kabla haijapona, na siku moja itakatika. Bahizire aliyaandika maneno hayo katika kaye, daftari lake la mafunzo, kwa wino wa buluu. Kaye ilikuwa kwenye mtoto wa meza, umbali wa mkono.

Lakini pale mbele yake alikuwa mtu mwenye watoto wanne, anayemtazama kama watu wa Birere walivyozoea kumtazama. Akajiambia kwamba ataiweka pembeni ya kano, si ndani. Akatikisa chupa.

Sindano ya kwanza ilifanya kazi kama muujiza. Siku ya nne Habarurema alipita mbele ya dispanseri akiwa na magunia matatu, akapaza sauti: "Muganga! Nimekuwa kijana!" Bahizire alikuwa amemwambia apumzike angalau wiki mbili. Alimwona anavyopita, akainua mkono kumpungia. Hakutoka nje kumsimamisha.

Baada ya wiki tano maumivu yakarudi. Bahizire akamdunga ya pili, ingawa alijua kwamba hata kwa goti au bega mtu hungoja miezi mitatu au zaidi kati ya sindano na sindano, na kwamba kwa mwaka mzima hazizidi tatu au nne. Baada ya wiki nyingine tano Habarurema akarudi tena, safari hii akichechemea, na mkononi ameshika jibini ya Masisi iliyofungwa kwa jani.

"Unipige ingine, Muganga. Ya mwisho."

Ile ya tatu Bahizire hakuisahau. Alisafisha ngozi kwa ayodini, akavaa glavu mpya, kila kitu kilikuwa safi. Sindano ilipoingia, alisukuma dawa, na dawa ikakataa kuingia. Palikuwa na ukinzani, kama mtu anayesukuma kwenye mpira mgumu. Anayefanya kazi hii anajua maana yake: ncha imo ndani ya kano yenyewe. Kinachotakiwa ni kurudi nyuma, au kuacha kabisa.

Yeye aliongeza nguvu ya kidole, na dawa ikaingia.

*

Siku kumi na mbili baadaye, karibu na mtaa wa Majengo, Habarurema alikuwa anapandisha mzigo saa tatu ya asubuhi. Alisikia mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjwa, na pigo nyuma ya mguu. Akageuka kwa hasira, akidhani kuna mtu amemtupia jiwe. Hakukuwa na mtu. Alipotaka kukanyaga, mguu haukusukuma.

Wenzake walimpakia kwenye pikipiki wakamleta kwa Muganga. Kwa nani mwingine?

Bahizire alimlaza kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda. Akalibana shavu la mguu wa kushoto, unyayo ukacheza. Akalibana la kulia, unyayo ukabaki umekufa. Pale palipokuwa na fundo, kidole chake kiliingia kwenye shimo.

"Iko nini, Muganga?" Habarurema aliuliza, uso wake umelala kwenye mto.

"Mushipa umekatika."

"Umekatika juu ya nini?"

Bahizire alifunga kitambaa kwa makini kuliko ilivyohitajika. "Kazi ni nzito," alisema.

Alimpeleka mwenyewe hospitalini. Alidhani kufanya hivyo kutampunguzia uzito. Dokta Élodie aliwapokea, mwanamke mfupi anayeongea polepole, akapima mguu, akapitisha kifaa cha ekografia na kuwaonyesha kwenye skrini mahali nyuzi zilipoachana. Kisha akamtazama mgonjwa.

"Papa, uko na miaka mingapi?"

"Makumi tatu na nane."

"Kano ya mutu wa umri wako, mwenye nguvu kama wewe, haikatike hivi bure. Kuna mutu alikudunga sindano hapa?"

Bahizire alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono mgongoni. Habarurema hakumgeukia. Alitazama sakafu, akasema kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuamua:

"Hapana, Dokta. Hakuna mutu."

Alikuwa anamlinda. Alidhani Muganga alifanya kosa dogo la kuwahurumia watu, na kwamba wakubwa wa hospitali watamwadhibu kwa huruma ile. Dokta Élodie akainua macho kuelekea kwa Bahizire, kama mtu anayengoja mwenzake wa kazi aongeze neno. Bahizire alitazama mlango. Nje, mtu alikuwa akiburuta kitanda cha magurudumu kwenye korido. Kitanda kikapita, na yeye hakusema kitu.

"Basi," daktari alisema, akaandika. "Tutapasua kesho kutwa, siku ya nne, na kushona. Leo ni siku ya mbili."

*

Gisèle, mke wa Bahizire, aligundua kwanza kwa chakula. Bahizire alikuwa mtu wa kumaliza bugali na kuomba mwingine. Jioni ile aliukata na kuuacha. Waliishi Katindo, nyumba ya mbao yenye kiwanja kidogo cha mawe meusi. Asubuhi iliyofuata walikwenda misa ya saa kumi na mbili, kama kawaida yao katikati ya juma, na watu walipopanga mstari kwenda kukomunika, yeye alibaki amekaa kwenye benchi. Gisèle alirudi mahali pake, akapiga magoti, akamngoja hadi nje.

"Umefanya nini?" alimuuliza barabarani. Hakuuliza kama kuna jambo.

Akamweleza. Gisèle aliuza dawa kwenye famasi miaka mingi kabla ya kuolewa, na alielewa haraka. Hakumlaumu kwa sindano. Aliuliza swali moja tu.

"Wakimpasua kesho na ile dawa iko bado ndani, itakuwa je?"

Bahizire alijua. Tangu alipotoka hospitalini alikuwa ameligusa jambo hilo na kulikwepa kama jino bovu. Kotizoni iliyowekwa majuma machache kabla ya upasuaji inapunguza uwezo wa mwili kupambana na vijidudu pale pale, na inachelewesha jeraha kupona. Daktari anayejua huahirisha au hubadilisha njia. Daktari asiyejua hukata. Habarurema angeweza kupoteza zaidi ya kano. Na Bahizire aliyaacha hayo yaende hivyo, ili jina lake libaki safi Birere.

"Mimi nakwenda dispanseri kusema utachelewa," Gisèle alisema. "Wewe unajua pa kwenda."

Bahizire alipita naye dispanseri kwanza, akachukua rejista, kwa sababu alijua kwamba akienda mikono mitupu atapunguza idadi ya sindano. Hospitalini akamkuta Dokta Élodie akivaa koti. Aliifungua rejista mezani na kuweka kidole kwenye mistari mitatu, moja baada ya nyingine.

"Ni mimi, Dokta. Sindano tatu ndani ya juma kumi. Ya mwisho ilikuwa siku kumi na tatu zilizopita. Niliisikia inakataa, nikasukuma."

Daktari alisoma kwa muda mrefu. Alipozungumza, hakupandisha sauti.

"Ulikuwa kwenye mafunzo yangu."

"Ndiyo."

"Ulikaa mbele, karibu na dirisha. Uliuliza maswali mazuri." Alifunga rejista. "Jana ulisimama pale nyuma ya kiti ukanyamaza."

"Ndiyo, Dokta."

"Hiyo ya jana ndiyo inanikasirisha zaidi."

Akachukua simu, akafuta upasuaji. Alieleza kwa ufupi, kama anayemfundisha tena: kano iliyolowa kotizoni ni kama kitambaa kilichooza, uzi hauwezi kushika vizuri, na hatari ya kuoza kwa jeraha ni kubwa. Wataiacha ijiunge yenyewe. Plasta, unyayo ukiwa umeelekezwa chini ili ncha mbili zikaribiane. Kila baada ya wiki kadhaa wataibadilisha na kuuinua unyayo kidogo. Majuma manane au zaidi. Kisha kiatu chenye kisigino kilichoinuliwa, kisha mazoezi ya miezi.

"Na atarudia kazi ile?"

"Atatembea," alisema Dokta Élodie. "Sasa nenda ukamwambie mwenyewe. Mimi sitamwambia kwa niaba yako."

*

Habarurema alikuwa kitanda cha dirishani, Umugwaneza ameketi miguuni pake akimenya chungwa. Walipomwona Muganga, wote wawili walianza kusogea ili apate mahali pa kukaa. Hilo lilimuumiza kuliko yote.

Alibaki amesimama. Akasema kwa Kiswahili cha wazi, bila maneno ya kitabu, kwamba kano haikukatwa na kazi peke yake. Kwamba sindano zile ziliidhoofisha. Kwamba mahali pale hapatakiwi kudungwa, na yeye alifundishwa hivyo, na alikuwa ameandika.

Habarurema alimsikiliza hadi mwisho. "Ni mimi nilikuomba," alisema.

"Uliomba. Lakini wewe ulikuwa hujui. Mimi nilijua."

Kisha akazungumza Umugwaneza, na sauti yake ilitetemeka, si kwa machozi.

"Mimi nilimwambia apumzike. Kila asubuhi nilimwona anavyoshuka kitandani. Akanijibu, 'Muganga amenidunga, Muganga anajua.' Mimi nilinyamaza juu yako. Ungemwambia neno moja, 'hapana', angekusikia. Mimi hakunisikia, lakini wewe angekusikia." Aliweka chungwa chini. "Na jana ulimwacha aseme uongo kwa ajili yako."

Bahizire alisema pole, neno ambalo kwa Kiswahili linatosha kwa aliyejikwaa na kwa aliyefiwa, na siku ile halikutosha kwa kitu chochote.

Habarurema aligeuza uso dirishani. "Uende, Muganga," alisema. "Si kwa ubaya. Uende tu kwanza."

*

Mwenye dispanseri alimsimamisha kazi mwezi mmoja, kisha akamrudisha kwa sharti kwamba asiguse tena kotizoni. Bahizire aliona sharti hilo jepesi mno. Sifa yake haikuanguka kama alivyoogopa. Watu wengine walisikia kisa wakasema ni bahati mbaya, ni kazi ya shetani, ni hospitali inayowaonea wivu watu wadogo. Mama Nyiransengimana alimtetea sokoni kwa sauti kubwa, akionyesha mkono wake. Bahizire alimwomba aache.

Jumapili ya tatu baada ya plasta alikwenda kwa Habarurema. Umugwaneza alimfungulia, akampa kiti, akaenda zake uani. Alirudi Jumapili iliyofuata, na nyingine. Wakati wa plasta hakukuwa na mengi ya kufanya: kuangalia vidole kama vina joto na vinacheza, kuuliza kama shavu la mguu limevimba, kurekebisha mkongojo uliokuwa mfupi. Gisèle alipeleka unga na samaki bila kusema vimetoka wapi, ingawa kila mtu alijua. Plasta ilipotolewa, mguu ukaonekana mwembamba kama wa mtoto. Habarurema aliutazama, akatukana kwa Kinyarwanda, kisha akacheka kidogo, na hicho kilikuwa kicheko cha kwanza Bahizire kukisikia tangu Majengo.

Wakaanza mazoezi aliyoyaandika Dokta Élodie. Kwanza kuvuta unyayo kwa kitambaa. Baada ya miezi, kusimama mbele ya ukuta na kupanda kwa vidole vya miguu yote miwili, kisha kushuka polepole huku wakihesabu. Yalikuwa karibu mazoezi yale yale ambayo Bahizire angempa siku ya kwanza, badala ya sindano. Jumapili nyingine Habarurema aliongea, akauliza habari za Kabare. Nyingine hakufungua mdomo, akafanya mazoezi na kuingia ndani. Bahizire alikubali yote mawili.

Baada ya mwaka Habarurema alitembea akichechemea kwa mbali, hasa akichoka. Chukudu aliiuza. Mfanyabiashara mmoja wa maharagi alimweka kwenye ghala kusimamia upakiaji. Ilikuwa kazi ya heshima, ya kivulini, lakini siku moja Bahizire alimkuta amesimama mlangoni akiwatazama vijana wanavyoruka kwenye mteremko, goti moja juu ya ubao, upepo ukijaa kwenye mashati. Hakumsalimu. Alipita upande wa pili wa barabara.

*

Dokta Élodie ndiye aliyemwita Bahizire hospitalini. Alikuwa ametenga siku moja kwa juma ya kutibu magoti na mabega, na alihitaji muuguzi.

"Sitaki kudunga tena, Dokta."

"Najua. Kuacha ni rahisi kwako. Wale unaowaacha wanakwenda kwa nani? Birere kuna watu wanadunga nyuma ya maduka bila hata kunawa. Ukuje ujifunze upya, na mimi nikiwa nakutazama."

Alikwenda. Miezi ya kwanza alipanga tu vifaa na kuuliza maswali, yale yale kwa kila mtu: homa iko? Kidonda juu ya ngozi pale? Dawa za kufanya damu iwe nyepesi? Sukari? Upasuaji wa kiungo hicho karibuni? Sindano ya mwisho lini? Aliuliza mpaka wagonjwa wakachoka.

Mzee Munyaneza alikuwa wa kwanza aliyemdunga kwa mkono wake mwenyewe, daktari akiwa begani pake. Goti la mzee lilikuwa limelika kwa umri, limevimba, na mazoezi yalimshinda kwa sababu ya maumivu. Alikuwa na kisukari pia. Wakakipima kwanza, kikawa cha kiasi. "Sukari itapanda siku chache, pengine juma nzima," Bahizire alimwonya. "Upime kila asubuhi." Sindano iliingia ndani ya kiungo, dawa ikapita bila kukataa hata kidogo. Bahizire alipoitoa, aligundua kwamba shati lake limelowa mgongoni.

Sukari ilipanda, ikashuka. Goti likapoa. Mzee Munyaneza alianza kwenda kanisani kwa miguu, na mazoezi ya paja akayafanya kwa siku kadhaa, kisha akayaacha, kwa sababu goti halikuuma tena. Wiki ya sita alirudi, fimbo mkononi.

"Mujukuu wangu anaolewa mwezi ujao," alisema. "Lazima nicheze. Unipige ingine."

"Bado, Muzee. Miezi tatu kwanza. Dawa hii ikizidi inakula goti lenyewe. Na harusi unaweza kuifikia na mazoezi."

"Mazoezi! Mimi si mutoto wa shule. Kama wewe unakataa, kule Birere nitapata mwenye roho nzuri." Akainuka na kuelekea mlangoni, kwa hasira ya wazee ambayo haina haraka.

Bahizire alimfuata hadi kwenye korido. Kulikuwa na watu kwenye mabenchi, mama mmoja na mtoto mgongoni, askari mwenye mkono uliofungwa. Hakujali.

"Muzee, ngoja. Mimi ndiye yule mwenye roho nzuri wa Birere. Aliniomba mutu, nikamupa. Akaniomba tena, nikamupa. Ya tatu nikaisikia inakataa, nikasukuma. Mushipa wake ukakatika barabarani na magunia juu. Alikuwa na watoto wane. Leo anachechemea, na kila Jumapili mimi naona vile anachechemea."

Mzee Munyaneza alimtazama usoni, kisha akaangalia mikono yake, kisha usoni tena, kama anayepima kama ni kweli.

Akarudi ndani, akakaa kwenye kiti, akaegemeza fimbo ukutani na kunyoosha mguu mbele.

"Basi unionyeshe lile zoezi," alisema. "Polepole. Mara ya kwanza sikulishika muzuri."